Mkoa wa Arusha una ukubwa gani? Hii ndiyo sababu majibu hayafanani

Ukitafuta mtandaoni ukubwa wa Mkoa wa Arusha, kuna uwezekano mkubwa wa kukutana na namba zaidi ya moja. Sehemu moja inaandika kilomita za mraba 37,576. Nyingine inasema 34,516. Ya tatu inataja 33,809. Mkoa ni uleule, makao makuu yaleyale Arusha mjini, na Mlima Meru haujahama.

Wengi wanadhani basi kuna mtu kakosea. Inawezekana, lakini mara nyingi sababu ni nyingine: kila namba imejibu swali lake. Moja imepima mkoa wote pamoja na maji yake, nyingine imepima nchi kavu tu. Na wakati mwingine mpaka wenyewe umechorwa upya.

Hivi ndivyo unavyoweza kuzitofautisha.

Namba tatu za Arusha

Tuanze na mbili zinazoelewana. 34,516 ni eneo lote, na 33,809 ni nchi kavu. Ukitoa ndogo kwenye kubwa unabaki na 707. Hizo 707 ndizo kilomita za mraba zilizohesabiwa kuwa maji. Hapa hakuna ugomvi wowote. Ni hesabu moja iliyoandikwa kwa namna mbili, na tatizo huanza pale anayenukuu anaposahau kusema ametumia ipi.

Ya tatu, 37,576, ni ya aina tofauti. Hii ilitumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2012 kama eneo la nchi kavu la mkoa. Sasa tazama: nchi kavu ya sensa ni kubwa kuliko eneo lote la ile hesabu nyingine, kwa zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Maji ya 707 hayawezi kueleza pengo la 3,000. Hata ukiyaongeza au kuyatoa, bado hufiki.

Kwa hiyo pengo hili halitokani na maji. Linatokana na ramani au mpaka uliotumika. Arusha ni mkoa ambao mipaka yake imeguswa sana: Manyara ilimegwa kutoka kwake mwaka 2002. Sensa ya mwaka huohuo iliipa Arusha kilomita za mraba 36,486 na Manyara 45,820, jumla 82,306. Sensa ya 2012 iliipa Arusha 37,576 na Manyara 44,522, jumla 82,098. Angalia vizuri: Arusha imeongezeka, Manyara imepungua, lakini jumla ya mikoa miwili imebaki karibu palepale. Hiyo ni dalili ya mstari kati ya mikoa miwili kusogea kwenye ramani, siyo ya ziwa kukauka.

Hilo ndilo jaribio la kwanza na rahisi kuliko yote: toa namba moja kwenye nyingine, kisha uliza kama jibu linalingana na maji yaliyopo eneo hilo.

"Eneo lote" na "nchi kavu" ni vitu viwili

Wataalamu wa takwimu hutenganisha maneno haya mawili. Eneo lote ni kila kitu kilichomo ndani ya mpaka: mashamba, milima, miji, maziwa, mabwawa na mito mikubwa. Eneo la nchi kavu ni hilohilo, ukishatoa maziwa, mabwawa na mito mikubwa.

Mlima Meru hauchanganyi mambo hapa, ingawa wengine wanaweza kudhani hivyo. Kilele chake kina zaidi ya mita 4,500, na miteremko yake ni mikali. Lakini eneo la ramani hupimwa kana kwamba unatazama kutoka juu kabisa, kwa hiyo mteremko haukuongezei kitu. Mlima unahesabiwa kwa kivuli chake chini, tuseme hivyo. Hilo ni kweli kwa namba zote mbili, ya eneo lote na ya nchi kavu.

Kitaifa mfano uko wazi zaidi. Tanzania inatajwa kuwa na kilomita za mraba 947,300 kwa jumla, na nchi kavu 885,800. Tofauti ni 61,500. Hayo ni maji ya ndani ya nchi, na sehemu kubwa ni maziwa makubwa. Takriban nusu ya Ziwa Victoria lenye kilomita za mraba karibu 68,800 iko Tanzania. Ongeza sehemu ya Tanganyika, Nyasa, Rukwa na maziwa ya Bonde la Ufa, na unaanza kuona hizo 61,500 zinatoka wapi.

Shida ya Arusha: maziwa yasiyotulia

Kwa nchi yenye maziwa yenye kina kirefu, kutoa maji kwenye hesabu ni kazi rahisi kiasi. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika hausogei sana, maana kingo zake nyingi ni mwinuko. Arusha haina bahati hiyo.

Mkoa huu unagusa maziwa matatu ya Bonde la Ufa: Natron kaskazini, Eyasi upande wa kusini magharibi, na Manyara karibu na Mto wa Mbu. Eyasi na Manyara yanagawanywa na mikoa jirani, na ncha ya Natron inagusa Kenya. Yote matatu yana chumvi au magadi, hayana mto wa kutoa maji nje, na kina chake ni cha mita chache tu. Sakafu zake ni tambarare kama meza.

Kwa nini hilo lina maana? Fanya hesabu ndogo. Chukua ufukwe ambao ardhi inainuka mita 1 kwa kila kilomita 1 unayotembea kutoka majini. Maji yakipanda nusu mita tu, mstari wa ufukwe unasogea mita 500. Kama ufukwe huo una urefu wa kilomita 10, umeshapoteza kilomita za mraba 5 za nchi kavu. Nusu mita ya maji, kilomita za mraba 5 za ardhi. Msimu wa kiangazi zinarudi.

Linganisha na Ziwa Duluti pale Tengeru. Hili ni ziwa la kreta, limekaa kwenye shimo la volkano lenye kingo kali. Lina takriban kilomita ya mraba 0.6 tu. Maji yakipanda au kushuka kidogo, eneo lake halibadiliki sana kwa sababu kingo zinapanda moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikwambia ukubwa wa Duluti, unaweza kuuamini miaka mingi. Akikwambia ukubwa wa Natron au Eyasi, muulize kwanza: mwezi gani, mwaka gani?

Hapo ndipo ile 707 inapozua swali. Natron pekee ikijaa inaweza kufikia kilomita za mraba takriban 1,000. Maana yake, eneo la maji la Arusha kwenye jedwali ni picha ya wakati fulani, au ni uamuzi wa mchora ramani kuhusu kipi kiitwe ziwa na kipi kiitwe tambarare ya magadi. Mvua kubwa zikinyesha, sehemu ya "nchi kavu" iko chini ya maji, lakini jedwali halibadiliki.

Picha za setilaiti zimesaidia, ila nazo zina mitego. Maji safi huonekana meusi kwenye mwanga usioonekana kwa macho, hivyo kompyuta huyatambua kirahisi. Natron ni kesi nyingine. Kiangazi uso wake hufunikwa na gamba la magadi, jeupe au jekundu, na gamba hilo linang'aa kama ardhi. Programu inaweza kuliandika kuwa nchi kavu, wakati chini yake kuna tope na maji ya chumvi. Njia ya kugundua kosa hili ni kulinganisha picha ya mwisho wa masika na ya mwisho wa kiangazi. Kama ziwa "limepotea" nusu nzima ndani ya miezi michache na mahali pake pamekuwa peupe, hilo ni gamba.

Hifadhi ya Manyara: ukubwa ni uleule, nafasi siyo ileile

Mfano mzuri wa karibu ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Kwa miaka mingi imetajwa kuwa na kilomita za mraba 330. Lakini ziwa likijaa, hadi 200 kati ya hizo ni maji. Fanya mahesabu: zinabaki 130 za msitu, nyika na majani. Tembo, nyati na twiga wanatumia hizo 130, siyo 330.

Kiangazi kikali, ziwa hurudi nyuma na kuacha uwanda mpana. Wanyama wanapata malisho mapya pembeni, na mgeni anayefika anaona tambarare mahali ambapo mwezi mwingine angeona maji na ndege. Mpaka wa hifadhi haujagusa kitu. Kilichobadilika ni mgawanyo wa ndani.

Siku hizi utakutana pia na namba ya karibu 649 kwa hifadhi hiyohiyo. Tumia lile jaribio la kwanza. Pengo kati ya 649 na 330 ni zaidi ya 300, kubwa kuliko maji yote yaliyokuwa yanahesabiwa ndani ya hifadhi. Kwa hiyo sababu ni mpaka: hifadhi ilipanuliwa, ikiwemo kuongezwa Msitu wa Marang.

Jambo kama hili limetokea Kenya pia. Ziwa Nakuru, ambalo nalo ni la magadi na lenye kina kifupi, lilipanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60 ndani ya muongo mmoja, kufikia 2020. Lango la hifadhi na barabara vilizama. Ukubwa wa hifadhi kwenye karatasi ulibaki vilevile.

Na mito je?

Watu wengi hudhani mito nayo inakula eneo kubwa. Ukweli ni kwamba mingi haimo kabisa kwenye hesabu ya maji, kwa sababu ni myembamba mno.

Chukua mto wenye upana wa mita 5, saizi ya kawaida kwa mito inayoshuka kutoka Meru kama Themi unaopita Arusha mjini. Kwa kila kilomita 10 za urefu, maji yake yanachukua kilomita ya mraba 0.05. Yaani ungehitaji kilomita 200 za mto wa namna hiyo kupata kilomita moja ya mraba. Kwenye ramani ya mkoa mto huo huchorwa kama mstari, na mstari hauna eneo. Mito huanza kuhesabika pale tu inapokuwa mipana kiasi cha kuonekana na kingo mbili kwenye ramani.

Lakini kuna kitu kingine ambacho jedwali halikuonyeshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Rudi kwenye mto wetu wa mita 5. Mita 60 kushoto na 60 kulia ni 120. Kwa kilomita 10 za mto, hiyo ni kilomita ya mraba 1.2. Mto wenyewe umechukua 0.05, ila eneo lisiloruhusiwa kujengwa ni mara 24 ya hapo.

Kitakwimu hiyo 1.2 ni nchi kavu kabisa. Kwa mwenye kiwanja kando ya mto ndani ya jiji, siyo ardhi ya kujenga. Kwa hiyo namba ya nchi kavu haikwambii moja kwa moja ardhi inayotumika ni kiasi gani.

Ukerewe: mahali ambapo kosa linauma

Kwa Arusha, kuchanganya eneo lote na nchi kavu kunaleta tofauti ndogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,356,255. Ukigawa kwa 34,516 unapata watu 68 kwa kilomita ya mraba, na ukigawa kwa 33,809 unapata 70. Hakuna mpango wa shule utakaoharibika kwa sababu ya watu wawili. Kwa namba ya 37,576 unapata 63, na hapo tayari tofauti ya ramani imezidi tofauti ya maji.

Sasa nenda Ziwa Victoria. Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza, ni visiwa. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 6,400. Kati ya hizo, 5,760 ni maji na 640 ni nchi kavu. Yaani sehemu tisa kati ya kumi ni ziwa.

Sensa ya 2012 ilikuta Ukerewe watu 345,147. Gawa kwa eneo lote: watu 54 kwa kilomita ya mraba. Ukisoma hivyo utasema wilaya ina nafasi ya kutosha, watu wametawanyika. Gawa kwa nchi kavu: watu 539 kwa kilomita ya mraba. Hiyo ni wilaya iliyojaa, ambako shamba hugawanywa kwa watoto hadi linakuwa kipande.

Wilaya ni moja, watu ni walewale, sensa ni moja, na majibu yanatofautiana mara 10. Mtu anayepanga zahanati, mgao wa ardhi au idadi ya visima akishika namba isiyo sahihi, ataamini Ukerewe inafanana na sehemu za wafugaji kule Arusha. Ndiyo maana majedwali ya sensa hutumia nchi kavu kukokotoa msongamano wa watu.

Hata hivyo, eneo lote nalo lina kazi yake. Ofisa uvuvi anayepanga doria anahitaji hizo 5,760. Kwake maji ndiyo eneo la kazi. Hakuna namba iliyo bora kuliko nyingine, kuna inayofaa swali na isiyofaa.

Bahari haimo, isipokuwa ukitafuta

Vipi kuhusu Bahari ya Hindi? Hapa wengi huchanganyikiwa, maana Tanzania ina haki za bahari kisheria. Sheria ya 1989 iliweka bahari ya kitaifa hadi maili 12 za baharini kutoka pwani, sawa na kilomita 22 hivi, na ukanda wa kiuchumi hadi maili 200. Ukanda huo unakadiriwa kuwa na kilomita za mraba takriban 223,000. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya Mkoa wa Arusha.

Lakini hazimo ndani ya zile 947,300. Unaweza kuthibitisha mwenyewe. Pengo kati ya eneo lote na nchi kavu ni 61,500 tu, na maziwa makubwa pekee yanalijaza. Hakuna nafasi ya 223,000 humo. Maji kati ya Unguja na bara, ambayo boti hupita kila siku, hayaongezi hata kilomita moja kwenye eneo la nchi.

Kawaida ya kimataifa ndiyo hiyo: maji ya ndani kama maziwa na mito mikubwa yanaingia kwenye eneo lote, bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi vinawekwa kando. Ukiona andiko linaipa Tanzania zaidi ya kilomita za mraba milioni 1, kuna uwezekano mkubwa mwandishi amejumlisha bahari.

Maji yakiwa na wenyewe wawili

Kuna sababu moja ya mwisho, na hii ni ya kisiasa. Kabla ya kuhesabu maji lazima ujue mpaka unapita wapi majini.

Kwenye Ziwa Nyasa, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Malawi inasema uko kwenye ufukwe wa Tanzania, ikitegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Malawi inajipa kilomita za mraba 118,484 kwa jumla, nchi kavu 94,080 na maji 24,404. Hesabu ya maji ya Malawi inafuata mpaka wake, na ya Tanzania inafuata mstari wa katikati.

Matokeo yake, ukijumlisha maeneo ya nchi zote kwa kutumia takwimu za kila serikali, kuna kipande cha ziwa utakihesabu mara mbili. Nchi kavu za pande zote mbili haziguswi na mgogoro huu. Ni sababu nyingine ya kutumia nchi kavu unapolinganisha nchi na nchi.

Ukikutana na namba mbili, fanya hivi

Kwanza, toa ndogo kwenye kubwa. Kama jibu linakaribia ukubwa wa maziwa yaliyopo, umepata eneo lote na nchi kavu. Kama limezidi sana, tafuta mpaka uliobadilika.

Pili, angalia mwaka. Mkoa wa Arusha kabla ya 2002 ni pamoja na Manyara ya leo, hivyo namba ya zaidi ya 80,000 siyo kosa, ni ya zamani.

Tatu, kama eneo lina ziwa la magadi, usishangae namba za maji zikipishana kwa mamia. Tafuta msimu wa kipimo kabla ya kusema nani amekosea.

Nne, ukitaka kujua watu wamebanana kiasi gani, gawa kwa nchi kavu. Na ukiandika namba hiyo mahali popote, ongeza maneno mawili tu: "nchi kavu" au "eneo lote". Atakayesoma baada yako hatalazimika kukisia.